KUPIMA UREFU WA MTI PENYE MTEREMKO

Ndugu wasomaji wa vikundi vya kujisaidia, somo letu safari hii ni la kupima mti bila kuupanda na bila kuukata. Wengi wenu mnajua kupima mti kwa kivuli: unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli cha fimbo, unapima kivuli cha mti, kisha unalinganisha. Njia hiyo ni nzuri uwanjani, mahali palipo sawa kama meza. Lakini ukienda nayo kwenye ukingo wa Mto Tana itakudanganya. Kivuli kinachoangukia ardhi inayoteremka hurefuka, na kinachoangukia ardhi inayopanda hufupika. Tena hapa Garsen tuko karibu na mstari wa ikweta, na kuna majira ambapo saa sita mchana kivuli kinajikunja chini ya mti, hakuna cha kupima.

Kwa hiyo tutatumia pembe. Chombo cha kupima pembe ya kutazama juu au chini kinaitwa klinomita. Watu wa misitu wanazo za kununua, lakini ya kujitengenezea inatosha kwa kazi zetu. Simu nyingi za siku hizi pia zina kipimo cha pembe ndani yake. Chombo si shida. Shida ni ardhi yenyewe, kwa maana mto wetu haukai mahali pamoja. Hula ukingo huu na kujenga ule, na mafuriko kama yale ya mwaka 1997 na 1998, ya 2018 na ya 2023 huacha kingo mpya kabisa. Mti uliokuwa mbali na maji leo unaning'inia. Na mikuyu mikubwa, miembe yetu na mivumo mingi iko hapo hapo penye ukingo au juu ya tuta.

Tuchukue jambo moja ambalo kikundi chochote cha kilimo cha pampu kinaweza kukutana nalo. Kikundi kinataka kujenga kibanda cha pampu juu ya ukingo. Chini, karibu na maji, kuna mkuyu mkubwa. Hakuna anayetaka kuukata, maana mizizi yake ndiyo inayoshika udongo wa ukingo. Swali ni hili: siku upepo ukiuangusha upande wa nchi kavu, utafika kwenye kibanda? Nafasi waliyochagua iko mita 17 kutoka kwenye shina, ukipima kwa kamba juu ya ardhi. Ni lazima wajue mkuyu una mita ngapi.

KUTENGENEZA KLINOMITA

Chukua kipimapembe cha nusu duara, kile cha kwenye seti ya hesabu ya watoto wa shule. Kwenye ule upande ulionyooka funga bomba la kalamu ya biki iliyoisha wino, liwe ndiyo tundu la kuchungulia. Katikati ya upande huo kuna alama ndogo ambapo mistari yote ya digrii inakutana. Toboa hapo, pitisha uzi, na mwisho wa uzi funga nati au jiwe dogo zito. Upande wa mviringo unaelekea chini.

Ukishika chombo sawasawa, uzi utaanguka kwenye 90. Ukiinua macho kutazama kilele, uzi utahama. Tofauti kati ya 90 na mahali ulipo uzi ndiyo pembe yako. Uzi ukiwa kwenye 55, pembe ni 35. Ukitazama chini uzi utahamia upande wa pili, na hesabu ni ile ile ya kutafuta tofauti na 90. Kila mara andikeni neno JUU au CHINI pembeni mwa namba. Mtaona baadaye kwa nini neno hilo lina thamani kuliko namba yenyewe.

Anayechungulia asisome uzi. Akigeuza kichwa kusoma, chombo kinasogea. Mwenzake asimame pembeni, angoje uzi utulie, ndipo asome. Na nendeni asubuhi. Ule upepo wa mchana unaotoka baharini huyumbisha uzi, na pia hutikisa kilele chenyewe.

Kabla ya kukiamini chombo, kijaribuni. Simamisheni fito mbili, mita 20 kati yao, na kwenye kila fito funga kitambaa kwenye kimo cha macho ya mpimaji kutoka chini. Simama kwenye fito ya kwanza, tazama kitambaa cha pili, soma pembe. Kisha nenda kwenye fito ya pili utazame kitambaa cha kwanza. Mteremko ni ule ule mmoja, kwa hiyo ukipata 3 CHINI kwenda, lazima upate 3 JUU kurudi. Ukipata 3 CHINI kwenda na 7 JUU kurudi, bomba limefungwa kombo. Jumlisha 3 na 7, gawanya kwa mbili, unapata 5, huo ndio mteremko wa kweli. Chombo chako kinaonyesha digrii 2 za juu zaidi kila mara. Legeza bomba, linyooshe, jaribu tena mpaka kwenda na kurudi kulingane.

PEMBE TATU NA KAMBA MOJA

Kwenye ardhi iliyo sawa watu hupima pembe moja tu, ya kilele, kisha wanaongeza kimo cha macho yao. Penye mteremko pembe moja haitoshi. Tunahitaji tatu.

Kwanza kata fimbo iliyo sawa na kimo cha macho yako kutoka chini. Tuseme ni mita moja na nusu. Mpe msaidizi aisimamishe kwenye shina la mti, na ncha ya juu ya fimbo aiwekee alama kwa chaki. Hiyo tutaiita alama ya macho. Msaidizi achague upande wa shina ulio juu ya mteremko, asikae upande wa maji. Mnajua wenyewe habari za mamba.

Sasa vuteni kamba kutoka jichoni kwako mpaka kwenye alama ya macho, inyooke, isilale chini. Jambo hili wengi hulipuuza. Ukingo wa Tana mara nyingi una kishimo katikati, au ngazi ya udongo ulioporomoka. Kamba ikifuata ardhi itaingia kwenye kila shimo na kupanda kila kichuguu, na kipimo kitakuwa kirefu kuliko ukweli. Ikivutwa hewani kutoka jicho hadi alama, umbo la ardhi iliyo katikati halina habari tena. Kama kamba ni ya nailoni, ipimeni kwanza kwa tepu ya fundi ikiwa imevutwa vivyo hivyo, kwa sababu nailoni hunyumbuka. Shina likiwa nene, kamba iishie ubavuni mwa shina, usawa wa katikati yake, isiishie kwenye gome la mbele. Mkuyu mnene unaweza kukuibia nusu mita hapo.

Pembe ya kwanza ni ya kutazama alama ya macho. Hii ni pembe ya kamba. Pembe ya pili ni ya kutazama kilele. Ya tatu ni ya kutazama kitako cha mti, pale shina linapoingia kwenye udongo. Msichanganye ya kwanza na ya tatu. Alama ya macho iko mita moja na nusu juu ya kitako, kwa hiyo pembe zake haziwi sawa.

HESABU YENYEWE

Tunahitaji namba mbili kwa kila pembe. Ya kwanza tutaiita namba ya kupanda: inasema ukienda mita moja ya usawa, unapanda kiasi gani. Ya pili ni namba ya kupunguza: inageuza kamba iliyoinama kuwa umbali wa usawa. Watoto wa sekondari wanazijua kwa majina ya tanjenti na kosaini, nao wanaweza kuwatafutia kwenye kitabu cha jedwali au kwenye kikokotoo. Hizi hapa zinatosha kuanzia. Bandikeni ndani ya jalada la daftari la kikundi.

Digrii | Kupanda | Kupunguza
5 | 0.087 | 0.996
8 | 0.141 | 0.990
10 | 0.176 | 0.985
12 | 0.213 | 0.978
13 | 0.231 | 0.974
16 | 0.287 | 0.961
20 | 0.364 | 0.940
25 | 0.466 | 0.906
30 | 0.577 | 0.866
32 | 0.625 | 0.848
35 | 0.700 | 0.819
40 | 0.839 | 0.766
45 | 1.000 | 0.707

Turudi kwenye mkuyu wetu. Mpimaji amesimama juu ya ukingo. Kamba kutoka jichoni hadi alama ya macho ni mita 20. Pembe ya kamba ni 12 CHINI. Kilele ni 35 JUU. Kitako ni 16 CHINI.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kamba iwe umbali wa usawa. Kamba imeinama digrii 12, na namba ya kupunguza ya 12 ni 0.978. Mita 20 mara 0.978 ni 19.56. Basi mti uko mita 19.56 kutoka kwetu kwa usawa, kama vile tungetembea juu ya ubao ulionyooka kutoka kwetu hadi kwenye mti.

Hatua ya pili ni kipande cha juu, kuanzia usawa wa macho yetu kwenda kileleni. Namba ya kupanda ya 35 ni 0.700. Mita 19.56 mara 0.700 ni 13.69.

Hatua ya tatu ni kipande cha chini, kuanzia usawa wa macho yetu kwenda kwenye kitako. Namba ya kupanda ya 16 ni 0.287. Mita 19.56 mara 0.287 ni 5.61.

Kilele kiko juu ya macho yetu na kitako kiko chini ya macho yetu, kwa hiyo tunajumlisha: 13.69 na 5.61 ni 19.30. Mkuyu una mita 19 na kidogo.

Sasa angalieni yule mtu aliyezoea ardhi ya uwanjani angefanyaje. Angechukua mita 20 za kamba, azidishe kwa 0.700, apate 14, aongeze kimo cha macho mita moja na nusu. Jibu lake: mita 15 na nusu. Kibanda kiko mita 17 kutoka kwenye shina. Angewaambia wenzake, "Jengeni, mti hauwezi kufika." Na mti wa mita 19 ungefika na kupita kwa zaidi ya mita mbili, ukiwa na matawi yake yote.

Kosa lake kubwa liko wapi? Wengi watasema ni kamba, kwamba hakuigeuza kuwa ya usawa. Hapana. Mkipiga hesabu na mita 20 zile zile bila kupunguza, lakini mkijumlisha vipande viwili vya juu na chini, mtapata 19.74. Tofauti haifiki hata nusu mita. Kilichomla ni kitako. Yeye alidhani kitako kiko mita moja na nusu chini ya macho yake, kumbe kiko zaidi ya mita tano na nusu. Kwa miteremko yetu ya kawaida, pembe ya kitako ndiyo ya kuangalia sana. Kamba huanza kuleta hasara ya kweli mteremko unapokuwa mkali: kwenye digrii 30 namba ya kupunguza ni 0.866, yaani katika kila mita 10 za kamba, mita moja na theluthi si umbali wa usawa.

Kama hesabu ya kupunguza inawatatiza, kuna njia ya mafundi. Shikeni kamba kwa usawa kabisa kipande kwa kipande, mita tatu au nne kila mara, mkiteremka kama ngazi, na kila mwisho wa kipande mwangushe uzi wenye jiwe kuonyesha mahali pa kuanzia kipande kinachofuata. Usawa mtaupata kwa ule mpira wa maji wa fundi wa nyumba. Jumla ya vipande ndiyo umbali wa usawa, bila jedwali. Ni kazi ya kuchosha, lakini haidanganyi. Pembe za kilele na kitako bado mtazihitaji.

Kuhusu kibanda, pimeni nafasi yake kwa kamba juu ya ardhi, wala msiigeuze iwe ya usawa. Mti ukianguka kuelekea juu hulala juu ya ule mteremko wenyewe. Umbali wa usawa ni wa kutafutia urefu, na umbali wa juu ya ardhi ni wa kujua mti utafika wapi. Kwa mkuyu huu sisi tungejenga mita 25 kutoka kwenye shina. Sababu ya kuongeza hivyo tutaieleza mbele kidogo.

UKISIMAMA CHINI NA MTI UKO JUU

Hapa ndipo lile neno JUU na CHINI linapolipa deni lake. Wakulima wetu wengi wana mashamba kwenye bonde, nyuma ya tuta la mto, mahali ambapo maji ya mafuriko hutua. Ukisimama shambani kutazama mvumo ulio juu ya tuta, kitako cha mti kiko juu ya macho yako. Hapo hujumlishi, unatoa.

Tuseme kamba kutoka jichoni hadi alama ya macho kwenye mvumo ni mita 30, na pembe ya kamba ni 8 JUU. Kilele ni 32 JUU. Kitako ni 5 JUU. Umbali wa usawa ni 30 mara 0.990, yaani mita 29.70. Kutoka usawa wa macho hadi kileleni ni 29.70 mara 0.625, mita 18.56. Kutoka usawa wa macho hadi kwenye kitako ni 29.70 mara 0.087, mita 2.58. Hizo mita 2.58 si mti, ni udongo wa tuta. Toa: 18.56 kutoa 2.58 ni 15.98. Mvumo una mita 16.

Aliyejumlisha kwa mazoea atapata mita 21. Huo ni mti mwingine kabisa. Kwa hiyo kanuni iwe hivi: kilele na kitako vikiwa pande mbili za usawa wa macho, jumlisha, vikiwa upande mmoja, toa kidogo kwenye kikubwa. Na kama kitako kinaanguka sawa na macho yako, pembe yake ni sifuri, basi kipande cha juu peke yake ndicho urefu wa mti.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Katika mfano huu kitako kimetoka 5 JUU na alama ya macho 8 JUU. Alama iko juu ya kitako, kwa hiyo ni lazima pembe yake iwe ya juu zaidi. Kule kwenye mkuyu alama ilikuwa 12 CHINI na kitako 16 CHINI, pia ni sawa. Mkikuta kitako kiko juu kuliko alama ya macho, mtu amekosea kusoma au kuandika, rudieni kabla ya kuondoka pale.

MTI ULIOINAMA NA MTI WENYE MWAVULI

Hesabu zote hizi zimechukulia kwamba kilele kiko wima juu ya kitako. Miti ya ukingoni haiko hivyo. Inainama kuelekea majini, kwa sababu kuna mwanga upande huo na kwa sababu udongo unaondoka chini yake. Nawe ukisimama mahali rahisi, juu ya ukingo nyuma ya mti, kilele kinakukimbia. Tuseme kilele cha mkuyu wetu kimeinama mita tatu kwenda mtoni. Umbali wa kweli hadi chini ya kilele si 19.56 bali 22.56. Pembe ile ile ya 35 ingetupa 22.56 mara 0.700, yaani mita 15.79 badala ya 13.69. Tumepoteza mita mbili, tena upande mbaya: mti ni mrefu kuliko tunavyodhani.

Dawa yake ni kuhama. Tembea kando ya mto, kuelekea juu au chini ya maji, mpaka uone mti ukiinama kushoto au kulia kwako, si kuja kwako wala kukukimbia. Ukiwa hapo kuinama hakukuathiri sana. Tena ukisimama kwenye kimo kimoja na mti, mteremko wenyewe karibu unatoweka na hesabu inakuwa nyepesi. Kwa kweli kama nafasi ipo, hapo ndipo pa kusimama siku zote. Lakini mara nyingi nafasi haipo, maana kando ya mto kuna mathenge na vichaka hata ng'ombe hapiti, ndiyo maana tumewafundisha njia ya mteremko kwanza.

Mti ukiwa umeinama sana na hamna pa kuhamia, mtu mmoja asimame chini ya kilele kwa kukisia, mwingine aelekeze kutoka pembeni, na umbali wa kilele upimwe peke yake hadi pale aliposimama. Kitako kitumie umbali wake na kilele kitumie wake.

Mwavuli ni mtego mwingine. Mvumo una kilele kimoja kinachoonekana wazi. Mkuyu na mwembe wamekaa kama mwavuli mpana, na ukiwa karibu unachokiona juu si kilele bali ni tawi la mbele lililokuelekea. Tawi hilo liko karibu nawe kuliko shina, pembe yake ni kubwa, na mti unarefuka kwenye karatasi. Utajuaje? Rudi nyuma hatua 10 upime tena kila kitu upya. Majibu mawili yakilingana ndani ya mita moja, ulikuwa unaona kilele. Jibu la pili likishuka sana, la kwanza lilikuwa tawi. Hata jibu la pili msiliamini mpaka mrudi nyuma tena lisishuke.

Kwa sababu hiyo, na kwa nyingine moja, msisimame karibu. Klinomita ya uzi ikisomwa vizuri hukosea digrii moja hivi. Kwenye umbali wa mita 20, digrii moja ukitazama 45 ni kama senti 70 za mita. Ukitazama 60, digrii hiyo hiyo ni karibu mita moja na nusu. Simama umbali unaolingana na urefu wa mti au zaidi kidogo, pembe ya kilele ibaki chini ya 45.

Kwa mkuyu wetu, digrii moja kwenye kilele ni nusu mita, na digrii moja kwenye kitako ni kama senti 37. Zote zikikosea upande mmoja, mti wa 19.30 unaweza kuwa 20.20. Ongezeni kuinama, ongezeni matawi yanayoruka mti unapogonga chini, mtaona mita 25 za kibanda si woga.

KAZI YA KIKUNDI

Mpimaji amesimama juu ya tuta. Kamba kutoka jichoni hadi alama ya macho ni mita 25, pembe yake 10 CHINI. Kilele ni 30 JUU, kitako ni 13 CHINI. Mti umesimama wima. Una mita ngapi? Na je, yule aliyesahau kugeuza kamba atapata ngapi?

Majibu: Umbali wa usawa ni mita 24.62. Kipande cha juu ni mita 14.21, cha chini ni 5.69, jumla mita 19.90, andikeni 20. Aliyesahau kugeuza kamba atapata 20.20. Kama kuna aliyepata chini ya 10, alitoa badala ya kujumlisha, arudi aangalie neno aliloandika pembeni mwa 13.